Jibu: Wazoroasta na moto wao

> "Hivi Wazoroasta wanaabudu moto? Na hayo mambo ya wema kupigana na uovu yakoje?"

Hapana ndugu, Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Irani, wanamwabudu Mungu wao, Ahura Mazda. Moto ni alama yake, wanauelekea wakisali kama Waislamu wanavyoelekea kibla.

Chukua hekalu la Yazd, Irani. Jengo ni la 1934 tu, ila moto wenyewe inasemekana unawaka tangu mwaka 470 hivi, ukihamishwa mji hadi mji. Uko ndani ya chombo kikubwa cha shaba, nyuma ya kioo. Kuhani anauongezea kuni kavu huku amefunika mdomo na pua kwa kitambaa cheupe, pumzi na mate visiuchafue.

Hapo ndipo mafundisho yalipo. Kwao uovu, yaani Angra Mainyu, haukutoka kwa Mungu. Ni adui kamili, na silaha zake ni uongo, uchafu, uozo na kifo. Kwa hiyo hata kutunza moto usichafuke ni kupigana upande wa wema. Binadamu anachagua upande mwenyewe, kwa mawazo mema, maneno mema na matendo mema. Na vita vina mwisho: wema utashinda.