Mume Muscat, cheti Mombasa: apostili si njia yako

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kisauni alinitumia picha ya ujumbe wa wakala wake. Mumewe ni dereva Muscat na ameambiwa anaweza kuwaita mke na mtoto, mradi cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa viwe vimethibitishwa. Wakala akamwandikia hivi: "Oman wamo kwenye mkataba wa Hague, kwa hiyo hapana haja ya ubalozi, nitakupigia apostili kwa siku tatu." Dada akauliza alipe au asilipe.

Asilipe. Na tatizo ni kwamba nusu ya maneno ya wakala ni kweli, ndiyo maana watu wanaingia.

Ni kweli Oman ni mwanachama wa Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ule unaofanya uthibitisho mmoja wa serikali, uitwao apostili, utoshe badala ya ubalozi, na mkataba huo ulianza kufanya kazi kwao Januari 2012. Lakini apostili haitolewi na nchi cheti kinakokwenda. Hutolewa na nchi cheti kilikotoka. Cheti kilichoandikwa Mombasa kingehitaji apostili ya serikali ya Kenya, na hadi ninapoandika haya Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mkataba unafanya kazi kwake. Hakuna ofisi yoyote Kenya yenye mamlaka ya kutoa apostili, iwe Nairobi iwe Mombasa, na hakuna wakala mwenye "mtu wake ndani" anayeweza kuitoa. Ili mhuri mmoja utoshe, nchi zote mbili lazima ziwemo. Ikikosekana moja, mnarudi kwenye njia ndefu, yaani uthibitisho wa ubalozi.

Orodha yenyewe haina siri. Fungua hcch.net, tafuta jedwali la wanachama wa mkataba wa apostili, kisha usiangalie jina la nchi peke yake, angalia na tarehe ya kuanza kutumika. Siku ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba Kenya imejiunga, usikimbilie tiketi ya treni. Nchi ikishaweka hati yake ya kujiunga, wanachama wengine wana miezi sita ya kupinga, halafu zinahesabiwa siku 60 nyingine ndipo mkataba unaanza. Hiyo ni kama miezi minane. Na mwanachama aliyepinga hatapokea apostili yako hata baada ya hapo.

Sasa hiyo "apostili ya siku tatu" ni kitu gani? Mara nyingine ni karatasi ya kughushi tupu. Apostili halisi ina umbo la mraba, kila upande usiopungua sentimita 9, kichwa chake kimeandikwa kwa Kifaransa, na ndani mna vipengele kumi vyenye namba. Kipengele cha kwanza ni jina la nchi. Ukikuta hapo pameandikwa Kenya, usiendelee kusoma. Ujanja mwingine ni mzuri zaidi, kwa sababu karatasi yenyewe ni ya kweli: nakala ya cheti chako inapelekwa nchi mwanachama, wakili wa huko anaigonga mhuri wake, kisha serikali ya huko inatoa apostili juu ya saini ya yule wakili. Ukiisoma taratibu utaona inachothibitisha ni wakili wa ng'ambo. Kadhi wako wa Mombasa hajatajwa popote. Karani wa Muscat anaiona hiyo kwa dakika moja, nawe umeshalipa.

Njia ya dada wa Kisauni basi ni mnyororo, na ukielewa kwa nini mnyororo upo huwezi kukosea mpangilio. Ubalozi wa Oman ulioko Nairobi haumjui Kadhi wa Mombasa. Unaijua saini ya ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, kwa kuwa vielelezo vya saini hizo umepelekewa. Wizara nayo haimjui Kadhi, inamjua Msajili. Msajili ndiye mwenye kumbukumbu ya ndoa. Kwa hiyo kila mhuri unauthibitisha ule uliotangulia, na hakuna anayethibitisha kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli. Ukiruka kituo kimoja, kinachofuata kitakurudisha, na safari ya Miritini hadi Nairobi umeifanya bure.

Cheti cha ndoa kinaanzia kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, Harambee Avenue. Hapa ndipo ndoa nyingi za Pwani hukwama, na kosa wala si la wanandoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inamtaka Kadhi, sheikh au imamu aliyepewa idhini aandike maelezo ya ndoa, atoe cheti, kisha apeleke kumbukumbu ile kwa Msajili. Wengine hutoa cheti na buku likabaki kabatini. Wewe una cheti kizuri chenye mhuri, lakini ukifika Nairobi jina lako halionekani. Dawa yake iko Mombasa, haiko Nairobi: kabla ya kusafiri, rudi kwa aliyewaozesha au kwenye ofisi ya Kadhi, ulizia namba ya kumbukumbu na kama ilipelekwa. Kama haikupelekwa, ipelekwe kwanza. Na kama aliyewaozesha hakuwa na idhini ya Msajili, jambo hilo limalizwe kwa Kadhi kabla ya kufikiria balozi yoyote.

Cheti cha kuzaliwa kinapita mlango mwingine. Hicho ni cha Usajili wa Kiraia, na saini iliyomo lazima itambuliwe na makao makuu yao Nairobi kabla ya kwenda Wizarani. Kile kikaratasi cha hospitali cha taarifa ya uzazi si cheti, na bado kuna wanaokipanga foleni nacho. Kama cheti cha mtoto ni cha zamani, kimefifia, au kimesainiwa na msajili aliyestaafu, ningeomba kipya kutoka kwenye rejista kuliko kubishana. Saini ya msajili aliyepo kazini ni rahisi kulinganishwa na kielelezo kuliko ya aliyeondoka miaka kumi iliyopita.

Halafu kuna laminesheni. Jamani, laminesheni! Mzazi anaona anatunza, anapeleka cheti kwenye duka la fotokopi, kinarudi kinang'aa kama leso mpya. Mhuri haushiki kwenye plastiki, na ofisa hawezi kukagua karatasi asiyoigusa. Usijaribu kuibandua kwa pasi. Utaondoka na wino pia. Omba cheti kingine.

Vyeti vyote viwili vikishatambuliwa na wasajili wake, vinakwenda Wizara ya Mambo ya Nje, jengo la Hazina ya zamani, hapo hapo Harambee Avenue. Malipo ya serikali hufanywa kwa eCitizen, kwa hiyo anayekutaka utume pesa kwenye simu yake binafsi "ili faili isogee" analipwa yeye. Peleka vyeti halisi. Nakala iliyogongwa na wakili au kamishna wa viapo ni hati nyingine kabisa: ukianza nayo, mnyororo mzima utakuwa wa saini ya wakili, na ofisi ya viza ya Ghuba inataka saini ya msajili.

Kutoka Wizarani ndipo ubalozi wa Oman. Baada ya hapo vyeti vinasafiri, na mume akivipokea aulize Wizara ya Mambo ya Nje ya huko kama nayo itagonga juu ya saini ya ubalozi wake, na ofisi ya viza kama inataka tafsiri ya Kiarabu ya mfasiri aliyesajiliwa Oman. Tafsiri nzuri iliyofanywa Mombasa inaweza kukataliwa kwa sababu tu mfasiri hatambuliki kule, kwa hiyo usiitangulize. Tena, mhuri wa mwisho ukiwa umegongwa nyuma ya cheti, mfasiri apewe pande zote mbili.

Kabla ya mhuri wa kwanza, weka cheti cha ndoa, cheti cha mtoto na pasipoti za wazazi mezani pamoja, usome majina herufi kwa herufi. Pwani hii jina moja lina sura nne: Mohamed, Mohammed, Muhamad, Mahamed. Cheti cha ndoa kina majina matatu, pasipoti ina mawili, cheti cha mtoto kina jina la utani la babu. Nairobi hawatakusumbua sana, kwa kuwa wao wanaangalia saini. Atakayekusumbua ni karani wa viza, baada ya mihuri yote. Na mihuri haihamishwi: ukirekebisha jina unapata cheti kipya, na cheti kipya kinaanza foleni upya tangu kwa Msajili. Hati ya kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja husaidia baadhi ya mahali, lakini nayo ni hati, itahitaji mnyororo wake. Kwangu mimi, kama tofauti iko kwenye cheti, kirekebishe cheti.

Msinakili njia hii kwa nchi nyingine bila kuuliza. Anayekwenda Dubai anapita karibu vituo hivi hivi, ubalozi ukiwa wa Emirati, ambao hawamo kabisa kwenye mkataba, kisha Wizara yao ya Mambo ya Nje inagonga kule kule. Anayeolewa Ujerumani habari yake ni tofauti. Ujerumani ni mwanachama, lakini ubalozi wao Nairobi hauthibitishi vyeti vya Kenya kwa mhuri, kwa sababu hawaziamini rejista zetu. Ofisi ya usajili ya Ujerumani yenyewe ndiyo huuomba ubalozi uchunguze cheti, na mchunguzi hufuatilia rejista, hata kuwauliza jamaa. Ukianza kwa kukusanya mihuri kwa ajili ya Ujerumani, umetupa pesa. Anza kwa kumwomba mwenzako aulize ofisi ile inataka nini, na akuletee jibu kwa maandishi.

Nalo swali la pili la dada yule: mtoto wa shemeji yake alizaliwa Muscat, na cheti chake cha Oman kina apostili halali. Je, Mombasa kitakubalika? Apostili ile inaheshimiwa na wanachama, na Kenya si mwanachama. Kipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje ya Oman, kisha ubalozi wa Kenya ulioko Muscat, wakati wazazi bado wako kule. Wakishapanda ndege, mhuri huo watautafuta kwa kumtuma mtu.