"Coscienza" moja, tafsiri tatu

Swali: Natafsiri makala ya sosholojia kutoka Kiitaliano kwenda Kiingereza, kuhusu vijana waliokataa jeshi. Kwenye orodha ya istilahi niliandika "coscienza" ni "consciousness". Sasa nikiweka neno jingine programu inaonyesha kosa, na mteja anataka istilahi zisibadilikebadilike. Nifanyeje?

Jibu: Kosa liko kwenye orodha. Sisi tunasema mtu kapoteza fahamu, au dhamiri inamsuta, na hakuna anayechanganya hayo mawili. Mwitaliano kote huko anasema "coscienza". Kiingereza kimetenganisha kama sisi, kwa hiyo kabla ya kuandika, jisemee sentensi hiyo kwa Kiswahili kwanza.

Bado una shaka? Weka "consapevolezza" mahali pa "coscienza". Sentensi ikisimama, unazungumzia utambuzi. "Coscienza di classe" inapita: ni ule mwamko wa kitabaka, na "consciousness" yako ni sahihi. "Obiezione di coscienza" haipiti, maana hapo ni dhamiri. Tena Kiingereza hakitumii nomino bali kivumishi: "conscientious objection". Usijaribu kubuni chako, kwani ni istilahi ya kisheria. Italia ilitambua haki hiyo kwa sheria namba 772 ya mwaka 1972, na makala yako bila shaka inaitaja.

Kipimo hicho hukwama kwenye wingi. Ukikuta "la propaganda entrava nelle coscienze", mwandishi anasema propaganda iliingia vichwani na mioyoni mwa watu. Mimi ningeandika "minds" bila kusita. "Consciences" ingefanya ionekane kwamba watu walisutwa.

Kwenye programu, fungua ingizo jingine kwa kila maana, lenye mfano wa sentensi, na "obiezione di coscienza" iwe na ingizo lake zima. Lakini ukisharuhusu tafsiri tatu, programu haitagundua tena uliyoiweka pasipostahili. Mwisho wa kazi chuja matini ya Kiitaliano kwa `coscienz`, bila irabu ya mwisho ili wingi nao utokee, kisha usome kila sentensi kwa macho yako. Mteja mtumie orodha hiyo mpya pamoja na mifano. Anachotaka ni kila maana iwe na neno lake, hata kama hakulisema hivyo.

Pagumu kweli ni pale mwandishi anapokusudia maana zote mbili kwa pamoja. Riwaya ya Italo Svevo ya 1923, "La coscienza di Zeno", ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1930 ikiitwa "Confessions of Zeno", neno likakwepwa kabisa; tafsiri ya 2001 ikachagua "Zeno's Conscience" na kupoteza nusu ya mchezo. Wewe una bahati kama mwandishi wako yu hai: mwandikie umuulize.