Faida laki sita, benki elfu arobaini

"Nasoma mizania ya agroveti ya mjomba hapa Nakuru. Faida iliyolimbikizwa ni 600,000 lakini benki kuna 40,000. Nani amekula pesa?"

Si lazima kuna aliyekula. Faida iliyolimbikizwa inakuonyesha tu kwamba mjomba aliacha faida ndani ya biashara badala ya kuitoa. Imegeuka kuwa nini? Angalia upande wa mali. Kwa ile picha uliyoweka: benki 40,000, wadaiwa 260,000, mbolea na mbegu dukani 500,000, pikipiki 200,000. Jumla milioni moja. Upande wa pili wadai 300,000, mtaji wa kuanzia 100,000, na hiyo 600,000. Pesa iko kwenye magunia na kwa wakulima waliokopa. Nimefunga vitabu vya maduka kama haya miaka kadhaa, na karibu yote hufanana hivyo.

Mimi ningehofia wale wadai. Wakitaka pesa zao mwezi huu, mjomba atawalipa kwa magunia ya mbolea? Muulize mjomba deni la zamani zaidi analodaiwa ni la lini.

"Lakini pande zote zikilingana si hesabu ni safi?"

Hapana. Deni lisilolipika likiachwa kwa wadaiwa, pande zitalingana vilevile.

"Mimi niko Kibuye, nauza mitumba. Hata pikipiki sina, niandike nini upande wa mali?"

Marobota uliyobaki nayo, kwa bei uliyonunulia.