Kupima ugumu wa chuma ili kukisia nguvu yake ya mvutano

"Nina kipande cha ekseli ya lori, hakina cheti. Nikipima ugumu na kuzidisha kwa 3.45, naweza kuamini nguvu ya mvutano nitakayoipata?"

Ndugu yangu, unaweza kuamini kwa kiasi, ikiwa ugumu huo ni mmoja kutoka ganda hadi moyoni. Kwenye ekseli mara nyingi sivyo, na mimi nililijua hilo karakanani hapa Unguja nilipotaka kuchonga fimbo ya kuvutia boti chelezoni kutoka kwenye ekseli kuukuu ya milimita 40.

Nilisafisha kutu, nikapima juu kwa Rokweli, kipimo cha ugumu kinachoshindilia ncha ya almasi, nikapata 54 HRC. Jedwali liliniambia ni sawa na 543 HB hivi kwa kipimo cha Brineli, na ukizidisha kwa 3.45 ni takriban MPa 1,900, na nusura nichague unene wa fimbo kwa hesabu hiyo. Fundi mwenzangu akanishauri nikate kichwa cha ekseli kwanza. Nikakata polepole huku nikimimina maji, kwa sababu joto la msumeno hulainisha chuma kilichotiwa ugumu. Nikausugua uso uliokatwa kwa msasa na kuupaka asidi hafifu ya nitriki. Pete yenye rangi tofauti ikajitokeza ukingoni, kina chake milimita 4. Ganda hilo lilikuwa limetiwa ugumu kwa makusudi, ili ekseli ihimili kusokotwa na kusuguliwa.

Katikati nikapima kwa Brineli, gololi ya milimita 10 na mzigo wa kilo 3,000. Alama ilikuwa na kipenyo cha milimita 3.95, yaani 235 HB. Zidisha kwa 3.45 upate MPa 810, chini ya nusu ya hesabu ya juu. Alama hiyo isome kwa darubini na kwa pande mbili, maana ungesoma 4.00 ungepata 229 HB, na hapo MPa 20 zimekwisha kupotea.

Usijaribu kuchanganya namba hizo mbili kwa kufuata eneo la kila tabaka. Ganda gumu halinyumbuki sana, hivyo laweza kupasuka kabla moyo haujafikia nguvu zake zote, na ufa huo ukawa mwanzo wa kukatika. Mimi nililichonga ganda lote nikabaki na moyo, nikahesabu kwa 810.

Hata hiyo 810 ni nguvu ya kukatika tu. Mahali chuma kinapoanza kurefuka bila kurudi, ugumu haukuambii: chenye 235 HB kilichopozwa hewani huweza kuanza kwenye MPa 450 hivi, na kilichozimwa kwa mafuta kisha kikapashwa tena huweza kufika 690. Kwa kuwa sikujua changu kilipitia njia ipi, nilichukua 450, nikaigawa kwa kiwango cha usalama.

Uhusiano huu wa 3.45 ni wa chuma cha kaboni na chenye mchanganyiko kidogo. Usiupeleke kwenye chuma cha kusubu, wala kwenye kile kisichoshika kutu na kisichonaswa na sumaku, kwani hicho huzidi kuwa kigumu kadiri kinavyovutwa. Kwa fimbo itakayobeba mzigo juu ya vichwa vya watu, peleka kipande kikavutwe kwenye mashine hadi kikatike.