Nauli za kupeleka mzigo kwa kanda: wateja wanaelezwaje?

"Nauza mchele kwa WhatsApp, niko Sinza. Nilikuwa natoza usafiri 3,000 popote Dar, sasa nataka iwe kwa umbali. Nawaambiaje wateja wa mbali wasinikimbie?"

Mkuu, mimi pia nauza nafaka na nilishapita huko. Kwanza usiwatajie kilomita. Mteja hajui yuko kilomita ngapi kutoka kwako, anachojua ni kituo anachoshukia. Ujumbe wangu ulikuwa hivi: "Ndugu mteja, kuanzia Jumatatu usafiri ni kwa kanda. Sinza, Mwenge, Ubungo: 2,000. Magomeni, Kariakoo, Mbezi Beach: 4,000. Mbagala, Gongo la Mboto, Mbezi Mwisho: 7,000. Kama umeshalipia oda, bei yako ni ileile ya zamani." Wa karibu wameshushiwa, kwa hiyo hao ndio wa kwanza kuwaambia. Na hizo Mbezi mbili ziandike kwa majina kamili, maana mtu akisema "niko Mbezi" tu, bodaboda ataenda Bagamoyo Road wakati mteja anamsubiri Morogoro Road.

Sasa oda ndogo na kubwa. Watu wengi wanadhani mzigo mkubwa unalipiwa nauli kubwa, wakati bodaboda anatoza safari. Waoneshe kwa mchele wenyewe. Kilo 5 kwa 3,200 ni 16,000. Ukipeleka Mbagala inakuwa 23,000, yaani kila kilo imebeba nauli ya 1,400. Gunia la kilo 50 ni 160,000, na nauli ni ileile 7,000, kwa hiyo kila kilo imebeba 140 tu. Mteja wangu mmoja wa Mbagala alilalamika sana, nikampigia hesabu hiyo, akaniambia subiri. Jioni akarudi na oda ya majirani watatu kwa pamoja, nikapeleka nyumba moja wakagawana nauli wenyewe.

Ila nauli ya bodaboda inaishia kwenye gunia moja. Magunia manne ni kilo 200, hapo unaita kirikuu. Mimi kwa Mbagala nampa mteja bei ya 25,000, na namtajia kabla hajalipa chochote, tena jumla: mchele 640,000, usafiri 25,000, lipa 665,000. Mteja akiona usafiri umeongezwa baada ya kukubaliana bei, hapo ndipo anapohisi anapigwa.

Utashawishika kutangaza "usafiri bure kuanzia 100,000". Mimi siwezi, labda kwa kanda ya kwanza tu. Kama faida yako ni 300 kwa kilo, gunia linakupa 15,000. Ukitoa 7,000 ya Mbagala, karibu nusu imeondoka na bodaboda. Wa kilo 5 anayekataa 7,000 mwambie aje kuchukua mwenyewe akipita Sinza, au asubiri siku una mzigo mwingine wa upande wake.