Maswali na majibu: Jibu moja, kundi moja

Nina majibu 200 ya dodoso kwa swali "Kwa nini uliacha kwenda maktaba?" na nataka kuyapanga kwa makundi ya sababu ili niyahesabu. Nianze na makundi mangapi?

Usianze na makundi. Soma kwanza majibu 50 yaliyochotwa huku na huku, si ya mwanzo tu, kwa kuwa dodoso zilizorudi mapema huenda zimetoka kwa watu wa aina moja. Kando ya kila jibu andika sababu kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe: "inafungwa mapema", "sikupata kitabu". Kisha yakusanye yanayofanana. Kwa majibu 200, makundi 6 hadi 10 yanatosha. "Sijui" na wasiojibu wawe na makundi yao, wasitupwe kwenye "Mengineyo".

Mtu akitaja sababu mbili, nimweke wapi?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu anayeyapanga majibu huamua kwa hisia za siku hiyo. Andika kanuni kabla ya kuanza. Sisi tunapendekeza hii: chukua sababu ambayo mhojiwa ameipa uzito; asipoipa uzito yoyote, chukua ya kwanza.

"Inafungwa mapema na vitabu ni vya zamani" linakwenda kwenye saa za kufungua. Lakini "Saa ningevumilia, ila vitabu ninavyovitaka havipo" linakwenda kwenye vitabu, ingawa saa zimetangulia. Usiunde kundi la "saa na vitabu": litamega makundi yote mawili, na hutajua tena wangapi hasa walilalamikia saa.

Sababu ya pili iandike kwenye safu ya pembeni bila kuihesabu. Ukiona karibu theluthi ya majibu ina sababu mbili, kundi moja kwa kila jibu halikufai tena. Hesabu sababu zote, na ueleze kwamba jumla itazidi asilimia 100.

Mwenzangu ameyapanga majibu yale yale na hakubaliani nami. Nani yuko sahihi?

Huenda kosa liko kwenye maelezo ya kundi. Mpe majibu 40 ayapange bila kuona ulivyoyapanga wewe. Tuseme mmelingana 31. Yachunguze yale 9 yaliyobaki: kama 6 yanagongana kati ya "Wafanyakazi" na "Taratibu za kuazima", mpaka wa makundi hayo haujachorwa. "Walinikatalia kitabu cha pili" ni la nani? Jiulize: mfanyakazi mwingine angefanya vivyo hivyo kwa sababu ya sheria? Ikiwa ndiyo, ni taratibu. Lugha mbaya au kupuuzwa ni wafanyakazi. Andika mpaka huo pamoja na mfano wake, kisha pitia upya majibu yote ya makundi hayo mawili, si yale 6 tu.

"Mengineyo" imefika majibu 37.

Ni nyingi mno. Yasome peke yake. Yakipatikana 5 au zaidi yenye sababu moja, yape kundi lao. Halafu rudi kwenye makundi ya zamani, maana baadhi ya majibu ya aina hiyo yalishasukumwa humo kwa kukosa pa kwenda.