Fahirisi ya bei na hesabu ya uzito: 118.8 au 119.1?

*"Nimepewa jedwali la bidhaa tatu: A, B na C, uzito wake 40, 35 na 25. Mwezi uliopita fahirisi ilikuwa 116.5. Mwezi huu A imepanda asilimia 5, B na C hazijabadilika. Asilimia 5 ya 40 ni 2, kwa hiyo fahirisi ilipaswa kupanda asilimia 2 na kufika 118.8. Ripoti imeandika 119.1. Je, wamekosea?"*

Hapana, hawajakosea. Jedwali lako lenyewe linatoa 119.1. Nimefanya kazi ya kukagua majedwali ya namna hii kwa muda mrefu, na hesabu uliyoifanya nakutana nayo mara kwa mara, hata kwa watu wenye uzoefu. Tatizo lake haliko kwenye kuzidisha. Liko kwenye kujua uzito ni wa kipindi kipi.

Ule uzito wa 40 unasema hivi: katika kipindi cha msingi, fahirisi ilipokuwa 100, kila 100 iliyotumika kwenye kapu zima, 40 iliishia kwa A. Ni sehemu ya matumizi kwa bei za wakati ule. Wewe umeuchukua ukautumia kwenye mabadiliko ya kutoka mwezi uliopita hadi mwezi huu, wakati bei zilikuwa zimeshasogea sana.

Tuziweke bei mezani. Tuseme jedwali lako liko hivi kwa bei za msingi, za mwezi uliopita na za mwezi huu: A ni 200, 260, 273, B ni 5000, 5500, 5500, C ni 50, 52, 52. Kwanza usizidishe uzito kwa bei yenyewe. B ingemeza kila kitu kwa sababu tu kipimo chake kina namba kubwa. Kila bei igawe kwa bei yake ya msingi, kisha uzidishe kwa 100. Mwezi uliopita A ilikuwa 130, B 110 na C 104. Zidisha kwa uzito, ugawe kwa 100: 52 kujumlisha 38.5 kujumlisha 26, jumla 116.5. Mwezi huu A imekuwa 136.5, na mchango wake umetoka 52 kwenda 54.6. Vingine vimebaki palepale, jumla 119.1.

Sasa angalia ile 52. Mwezi uliopita A ilikuwa imebeba 52 kati ya 116.5, yaani asilimia 44.6 ya gharama ya kapu, si 40 tena. Kiasi kinachonunuliwa hakijabadilika, bei yake ndiyo iliyokimbia kuliko za wenzake. Asilimia 5 ya 44.6 ni 2.23, na 116.5 ikipanda kwa asilimia 2.23 inafika 119.1. Kwa hiyo njia ya mabadiliko ya mwezi kwa mwezi inafaa kabisa, mradi uzito nao usogezwe hadi mwezi unaoanzia.

Kwenye lahajedwali, weka uzito safu ya B, bei za msingi C, za mwezi uliopita D, za mwezi huu E:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4, E2:E4/C2:C4)/SUM(B2:B4)*100
```

Kabla ya kuamini jibu, mimi huipima fomula yenyewe. Mahali pa E weka C, yaani bei za msingi zigawanywe kwa zenyewe. Lazima upate 100 kamili. Kisha mahali hapo hapo pa E weka bei za msingi zilizozidishwa kwa 2, huku C ikibaki ilivyo, lazima upate 200. Kugawa kwa `SUM(B2:B4)` badala ya 100 kuna sababu pia: wakati mwingine jedwali huwa limeacha kundi moja nje, uzito unajumlisha 96, na ukigawa kwa 100 fahirisi inashuka bila bei yoyote kushuka. Lakini usifurahie kwamba kugawa kwa jumla kumeponya kila kitu. Kumelifanya kundi lililoachwa lionekane limepanda sawa na wastani wa mengine, na hilo hakuna aliyekuambia. Ukiona uzito haufiki 100, rudi uulize kwanza.

Kipimo kingine hakihitaji hata kikokotoo. Fahirisi ya jumla ni wastani, kwa hiyo lazima ikae kati ya ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Hapa ni kati ya 104 na 136.5. Ikitoka nje ya mipaka hiyo, haiwezi kuwa imetokana na namba hizo kwa uzito wowote ule. Ila kukaa ndani ya mipaka hakuthibitishi kitu: 118.8 yako nayo imo ndani.

Halafu kuna kuzungusha desimali, ambako watu hukufanya kisingizio cha kila tofauti. Fahirisi za makundi zikichapishwa kwa desimali moja, kila moja inaweza kuwa imekosea kwa 0.05 tu, na wastani wake hauwezi kukosea zaidi ya hapo. Ongeza 0.05 ya kuzungusha jumla yenyewe, unapata 0.1. Tofauti yako ilikuwa karibu 0.3, kwa hiyo kuzungusha fahirisi kusingeweza kuieleza. Uzito uliozungushwa ndio hatari zaidi. Kama 40 kwa kweli ni 40.4 na 25 ni 24.6, hiyo 0.4 imehama kutoka 104 kwenda 136.5, na fahirisi inapanda kwa 0.13.

Sasa tuseme ungefanya yote haya, upate 119.1, halafu ripoti iseme 119.8. Hapo wengi huandika "wamekosea", na mimi sikubaliani nao. Unachoweza kusema ni kwamba 119.8 haitokani na bei na uzito uliopewa. Kwamba ni ya uongo, hilo ni dai jingine.

Sababu ninayoianza kuitafuta ni hii: uzito hutoka kwenye uchunguzi wa matumizi ya kaya, na uchunguzi huo mara nyingi ulifanyika kabla ya kipindi ambacho fahirisi ni 100. Watakwimu wengi husogeza uzito kwa bei ili uendane na kipindi hicho. Chukulia kati ya uchunguzi na kipindi cha msingi A ilipanda asilimia 10, B na C zikatulia. Sehemu zinakuwa 44, 35 na 25, jumla 104. Hesabu upya kwa uzito huo:

```
(44*136.5 + 35*110 + 25*104)/104 = 119.77
```

Hiyo ndiyo 119.8. Jedwali lingekuwa limechapisha uzito wa uchunguzi, fahirisi ikakokotolewa kwa uzito uliosogezwa, na wote wawili mngekuwa mmehesabu sawasawa. Maelezo ya mbinu yanayoambatana na ripoti ndiyo huonyesha vipindi hivyo: uzito ni wa mwaka gani, na bei ya kulinganishia ni ya lini. Tarehe hizo mbili zikitofautiana, omba pia bei za kipindi cha uchunguzi, kwa sababu bila hizo hesabu ya 104 hapo juu huwezi kuifanya.